Namba za njia ya maisha katika timu ya kazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yameokotwa hapa Dodoma, mengi yakiulizwa kwenye chai ya saa nne, mtu mmoja akiwa ameshika simu na wenzake wakimtajia tarehe zao za kuzaliwa. Ofisi inayotajwa humu kama mfano ni ofisi ndogo ya upimaji wa viwanja. Watu wake hawatajwi majina, na tarehe zao zimetungwa kwa ajili ya hesabu.

## Hesabu yenyewe

Namba ya njia ya maisha ni nini?

Ni namba inayopatikana kwa kujumlisha tarehe yako yote ya kuzaliwa, yaani siku, mwezi na mwaka, kisha kuikunja mpaka ibaki tarakimu moja, 1 hadi 9. Wanajimu wa namba huiona kama mwelekeo aliozaliwa nao mtu: anachokipenda, kinachomchosha, na jinsi anavyoshika kazi. Namba 11, 22 na 33 wengi wao hawazikunji. Huziita namba kuu.

Wanajimu hupenda kumtaja Pithagora wa Ugiriki kama mwanzilishi. Lakini utaratibu unaoukuta leo kwenye simu ulisambazwa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, na mmoja wa walioufanya ujulikane ni mama mmoja wa Atlantic City aliyejulikana kama L. Dow Balliett.

Naihesabu vipi?

Kunja siku peke yake, mwezi peke yake, mwaka peke yake. Kisha jumlisha hizo tatu na ukunje tena. Tuchukue mtu aliyezaliwa tarehe 23 Juni 1991:

```
Siku:   23   → 2 + 3 = 5
Mwezi:  6
Mwaka:  1991 → 1 + 9 + 9 + 1 = 20 → 2
Jumla:  5 + 6 + 2 = 13 → 1 + 3 = 4
```

Huyo ni 4. Ukianza na mwezi au ukianza na siku, jumla haibadiliki. Kwa hiyo hata programu ikisoma 4/9 kama Aprili 9 badala ya Septemba 4, jibu linabaki lilelile. Kinachoharibu hesabu za watu wengi ni kuandika mwaka kwa kifupi. Ukiweka 91 mahali pa 1991 unapata 10 badala ya 20, na mtu anaondoka na namba ya mwenzake.

Hii si ndiyo ile nyota anayopiga shehe kwa jina langu na jina la mama?

Hapana, ingawa ni ndugu wa mbali. Ile ya shehe au mganga hutumia abjadi: kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake, jina lako na la mama yako hujumlishwa, kumi na mbili zinatolewa mpaka zisitoke tena, na kinachobaki ndicho nyota yako, kuanzia Punda hadi Samaki. Pale tarehe haiulizwi kabisa. Kwenye njia ya maisha ni kinyume: jina haliulizwi, tarehe ndiyo kila kitu. Ndiyo maana mtu anaweza kuambiwa nyota yake ni Simba, halafu namba yake ikasomwa kuwa ya mtu mpole. Hizo ni hesabu mbili tofauti, na hakuna haja ya kuzipatanisha.

Mbona programu moja imeniambia mimi ni 2 na nyingine imeniambia ni 11?

Swali hili linagombanisha watu kuliko yote, na sababu yake ni ndogo. Kuna njia mbili za kujumlisha. Ya kwanza ni ile iliyoonyeshwa juu. Ya pili humwaga tarakimu zote pamoja kwa mkupuo mmoja. Tarakimu ya mwisho hulingana daima, lakini njiani unaweza kupita kwenye namba kuu kwa njia moja na usipite kwa nyingine. Mtu wa Septemba 2, 1989:

```
Njia ya kwanza:  2 + 9 + 9 = 20 → 2
Njia ya pili:    2 + 9 + 1 + 9 + 8 + 9 = 38 → 11
```

Mambo hugeuka pia upande wa pili. Aliyezaliwa Septemba 4, 1980 ni 22 kwa njia ya kwanza (4 + 9 + 9), na kwa njia ya pili ni 31, yaani 4 tu. Kwa hiyo ukisikia mtu ofisini anajitamba kwamba yeye ni namba kuu, muulize amejumlisha vipi kabla ya kumwachia kiti cha mbele. Katika timu moja chagueni njia moja, muitumie kwa wote.

Kuna programu nyingine, hasa zenye asili ya India, zinazotanguliza namba ya siku ya kuzaliwa peke yake. Aliyezaliwa tarehe 23 zitamwambia ni 5. Hiyo ni namba nyingine kabisa, wala si kosa la hesabu.

## Kila namba na kazi yake

Wanajimu wanasemaje kuhusu kila namba kazini?

Kwa kifupi, maana kila mwanajimu ana nyongeza zake.

1 ni mwanzilishi. Anaamua haraka, hapendi kusimamiwa begani, na kugawa kazi kunamwuma kwa sababu anaona yeye angeifanya vizuri zaidi. 2 ni mpatanishi. Anasikia kilichosemwa na ambacho hakikusemwa, lakini jambo la kukwaza atalimeza wiki nzima. 3 ni mtu wa maneno na mawazo, kikao hakipoi akiwepo, ila kazi zake nyingi zina mwanzo mzuri kuliko mwisho.

4 ni mjenzi: orodha, utaratibu, hatua kwa hatua. Mabadiliko ya ghafla anayaona kama dharau. 5 ni mtu wa barabarani. Mpe sehemu mpya, watu wapya, tatizo ambalo halijawahi kutokea. Mnyime karatasi za kujaza. 6 ni mlezi wa ofisi, anayejua nani anaumwa na nani hajala, na hasara yake ni kubeba mizigo ambayo hakuna aliyemtwisha.

7 ni mchunguzi. Mwache peke yake na mlango umefungwa, atakuja na jibu, lakini usimwombe jibu la papo kwa papo. 8 anaongea lugha ya matokeo na fedha, na mamlaka hayamtetemeshi. 9 anatazama mbali, ana huruma, na hupata shida kufunga faili lililokwisha.

Kuhusu namba kuu, 11 husomwa kama 2 aliyeongezewa moto na wasiwasi, 22 kama 4 mwenye ramani ya mji mzima kichwani badala ya nyumba moja. 33, mlezi wa watu wengi, ni nadra, na baadhi ya wanajimu hawaitumii kabisa.

Mnaweza kutuonyesha timu moja ilivyosomwa?

Tuchukue ile ofisi ya upimaji. Ina watu watano:

- Kiongozi, 12 Julai 1980: 3 + 7 + 9 = 19, kisha 10, kisha 1.
- Mchora ramani, 23 Juni 1991: 4, kama tulivyoona.
- Mpima wa uwandani, 16 Januari 1995: 7 + 1 + 6 = 14, kisha 5.
- Mhasibu, 2 Septemba 1989: 2 (ofisi imechagua njia ya kwanza).
- Dada wa mapokezi, 24 Septemba 1998: 6 + 9 + 9 = 24, kisha 6.

Kuna pia dereva, mzee wa kazi, ambaye cheti chake kinasema 1 Januari 1970: 1 + 1 + 8 = 10, kisha 1. Huyu tumemweka pembeni kwa makusudi. Sababu iko kwenye swali la Januari mosi.

Shida ya ofisi ilikuwa moja, na kila wiki ilirudi. Mpima anatoka asubuhi kwenda Nzuguni au Ihumwa, anapima, anarudi jioni na daftari. Vipimo vya bikoni vipo, lakini havifuati mpangilio, na mchoro wa mkono unaoonyesha bikoni ipi inapakana na ipi haupo. Mchora ramani anagoma kuanza. Mpima anamwambia, "Niulize tu kaka, vyote viko kichwani." Kiongozi ameshamwahidi mteja ramani kesho kutwa. Mhasibu anajua mteja huyo hajamaliza malipo, ila hajasema, kwa sababu kiongozi alionekana ana haraka. Mteja akija, anayefokewa ni dada wa mapokezi, na usiku ndiye anayempigia mpima simu kumbembeleza amalizie mchoro.

Mwanajimu wa namba akipewa orodha ile atasema kila mtu alicheza namba yake. 1 aliahidi bila kuuliza. 5 alifurahia uwanda na kukimbia karatasi. 4 hakuweza kujenga juu ya msingi uliopinda. 2 alinyamaza kulinda amani, na 6 alibeba lawama ya wote. Ni usomaji unaovutia, lazima nikiri. Kama una nguvu ya ushahidi ni jambo jingine, na limejibiwa kwenye sehemu ya tatu.

Kwa nini 4 na 5 ndio wanaotajwa kuwa hawaivi chungu kimoja?

Katika maelezo ya wanajimu, hawa wawili wana hofu zinazopingana. 4 anaogopa vurugu, 5 anaogopa kufungwa. Kila mmoja akijilinda, anamgusa mwenzake palepale panapouma: 4 anaongeza fomu, 5 anazidi kuzikwepa, 4 anaongeza fomu nyingine.

Ushauri wao wa kawaida una pande mbili. 5 apewe masharti machache sana, lakini yasiyojadiliwa, na awe huru kwa mengine yote. 4 aambiwe mabadiliko mapema, hata kwa saa chache, na asiambiwe mbele ya mteja.

Pale ofisini walifika kwenye sharti moja. Kabla gari halijaondoka kiwanjani, mpima anachora mchoro wa mkono kwenye ukurasa mmoja, anaupiga picha na kuutuma kwa mchora ramani. Mlinzi wa sharti akawa dereva: hawashi gari mpaka aambiwe picha imefika. Mpima alilalamika siku mbili tatu kwamba mzee anamsumbua. Mchora ramani naye alilazimika kuacha fomu yake ya kurasa tatu, na hilo lilimwuma zaidi kuliko alivyoonyesha.

Angalia kwamba sharti lenyewe halina namba ndani yake. Picha ya mchoro ingemsaidia mchora ramani yeyote, awe 4 au 9. Kazi iliyofanywa na namba ilikuwa ndogo na ya aina nyingine: ilikuwa rahisi kwa kiongozi kusema "hiyo ndiyo 5 yako" kuliko kusema "huo ni uzembe," na mpima akacheka badala ya kununa.

Na wakiwa 1 wawili katika timu moja?

Wanajimu watakwambia fahali wawili hawakai zizi moja, kisha watakushauri kugawa mipaka: kila mmoja awe na eneo ambalo neno lake ndilo la mwisho. Mmoja aamue yote ya uwandani, mwingine yote ya wateja. Kama mnaelewana tayari, msianzishe ugomvi kwa sababu ya namba.

Timu yetu haina 8. Tutafute mtu wa 8?

Msitafute. Wapo wanajimu wanaochora jedwali la 1 hadi 9 na kuzungushia zilizokosekana, wakisema timu isiyo na 8 haitakusanya madeni na isiyo na 7 haitakagua kazi yake. Lakini timu ya watu watano haiwezi kuwa na namba tisa, kwa hiyo kutakuwa na angalau nafasi nne tupu daima, na kwa kila tatizo la ofisi utapata namba ya kuisingizia. Ofisi ile haina 8, na kweli madeni yake yalikuwa yamelala. Yalilala kwa sababu hakuna aliyekuwa na kazi ya kupiga simu za madeni siku ya Ijumaa. Mhasibu, 2 mpole, alipopewa kazi hiyo pamoja na maneno ya kuanzia, akaanza kukusanya.

Kuna namba isiyofaa kuwa bosi?

Hakuna mwanajimu makini anayesema hivyo. Watasema 2 ataongoza kwa kusikiliza na 8 kwa malengo. Ukikutana na anayesema 6 hafai uongozi, mwulize ada yake ni kiasi gani, halafu uendelee na safari zako.

## Je, ni kweli?

Kuna ushahidi kwamba namba inaonyesha tabia ya mtu kazini?

Hapana. Tarehe ya kuzaliwa ni alama ya kalenda, na hakuna njia inayojulikana ambayo jumla ya tarakimu zake ingeweza kuingia kwenye tabia ya mtu. Tazama hesabu yenyewe: anayezaliwa leo na anayezaliwa siku tisa baadaye, mwezi huohuo, wana namba ileile, na anayezaliwa kesho ana namba nyingine. Kalenda ikibadilika, namba inabadilika nayo. Tarehe hiyohiyo ukiihesabu kwa kalenda ya Hijria unaweza kupata jibu tofauti, ilhali mtu ni yuleyule.

Mbona basi maelezo yangu yamenigusa hivyo?

Kwa sababu yameandikwa yaguse. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 jaribio la tabia, kisha akampa kila mmoja maelezo "yake". Wakayapima kwa alama 0 hadi 5, na wastani ukazidi 4. Halafu akawaonyesha kwamba wote walikuwa wamepewa karatasi moja, yenye sentensi alizozitoa kwenye kitabu cha unajimu.

Rudi juu usome tena maelezo ya 2: jambo la kukwaza atalimeza wiki nzima. Nani ofisini hajawahi kulimeza jambo?

Tunaweza kujipima wenyewe?

Mnaweza, na inachukua muda wa chai moja. Mtu mmoja aandike maelezo tisa kwenye vikaratasi bila namba, avichanganye. Kila mmoja achague kinachomfaa kabla hajajua namba yake. Sharti hilo la "kabla" ndilo jaribio lenyewe. Aliyeshajua namba yake huyatambua maelezo yake hata namba ikifutwa, kwa hiyo huyo asihesabiwe.

Kwa kubahatisha tu, mtu ana nafasi 1 kati ya 9. Katika timu ya watu watano, uwezekano kwamba angalau mmoja atapatia kwa bahati ni kama asilimia 44. Maana yake mkipata mmoja aliyepatia, msishangilie, ni karibu sawa na kurusha shilingi. Wakipatia wanne kati ya watano, hapo mna la kuongea, na la kwanza ni kuuliza nani alichungulia.

## Tarehe zenye utata

Cheti changu kinasema Januari mosi, lakini sikuzaliwa siku hiyo. Nitumie ipi?

Hili ni swali la watu wengi wa mikoa ya kati waliozaliwa nyumbani na kuandikishwa wakiwa wakubwa. Karani aliuliza mwaka, siku haikujulikana, ikaandikwa Januari 1. Kwa hesabu ya njia ya maisha, wote walioandikwa hivyo wanapata namba inayotokana na mwaka tu. Wa 1970, 1979 na 1988 wote ni 1, bila kujali walizaliwa lini kweli.

Dereva wetu ndiye huyu. Mama yake anakumbuka kwamba uwele ulikuwa unavunwa. Mtu wa Dodoma akisikia hivyo anajua haikuwa Januari, maana Januari uwele ndiyo kwanza unapaliliwa. Huenda ilikuwa Mei au Juni. Je, hilo linasaidia? Kwa mwanajimu, hapana. Ndani ya mwezi mmoja kila siku tisa mfululizo zinapita namba zote tisa, kwa hiyo kujua mwezi na mwaka bila siku ni sawa na kutojua chochote. Anaweza kuwa namba yoyote.

Wapo wanaosema tarehe ya cheti "huchukua nguvu" kwa kuwa umeitumia maisha yote. Mimi naona hapo fundi anatafuta namna ya kutomrudisha mteja. Jibu la uaminifu ni kwamba namba yako haijulikani. Mzee wetu alipoambiwa hivyo alijibu kuwa amefika umri wote huo bila namba, na gari linawaka.

Nilizaliwa usiku wa kuamkia tarehe 9. Mimi ni wa tarehe 8 au 9?

Hapa Kiswahili na kalenda ya serikali vinapishana. Kwa desturi yetu siku huanza jua linapozama, hivyo bibi akisema "usiku wa Jumanne" anaweza kuwa na maana ya usiku unaotangulia mchana wa Jumanne. Wanajimu wa namba hufuata kalenda ya kawaida, siku inabadilika saa sita usiku. Kwa hiyo uliza saa. Kama ulizaliwa saa nne usiku wa kuamkia tarehe 9, wewe ni wa tarehe 8. Kama ilikuwa saa nane, ni wa tarehe 9.

Tofauti ya siku moja huisogeza namba kwa moja. Kosa dogo hapo linamhamisha mtu kutoka 4 kwenda 5, yaani kutoka upande mmoja wa ugomvi wa ofisi yetu kwenda upande wa pili.

Cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha NIDA havilingani. Je?

Tumia ile ambayo familia inaithibitisha, kwa mfano kadi ya kliniki ya mtoto kama bado ipo. Na ukiacha namba za njia ya maisha, tofauti hiyo irekebishe mapema kwa ajili ya mafao yako. Huko ndiko itakapokuuma.

Mapacha wanaofanya kazi ofisi moja wana namba moja?

Ndiyo, labda kama saa sita usiku iliwapita katikati. Wanajimu wakiulizwa kwa nini Kulwa ni mkimya na Doto ni msemaji, huhamia kwenye namba ya jina, ambapo A ni 1, B ni 2 hadi I ni 9, kisha J inarudi kuwa 1. Ni kawaida ya fani hii: namba moja ikikataa, kuna nyingine ya kuiitia msaada.

## Namba na haki za watu ofisini

Ofisa utumishi anaweza kutuhesabia wote kutoka kwenye mafaili?

Kuweza anaweza, kwa urahisi unaotisha. Tarakimu nane za mwanzo za namba ya NIDA ni tarehe yako ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Lakini tarehe ile ulitoa kwa ajili ya ajira, wala si kwa ajili ya kusomwa tabia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imejengwa juu ya wazo kwamba taarifa za mtu zitumike kwa lengo lililozikusanya. Njia salama ni kila mtu ahesabu mwenyewe na aseme akitaka. Asiyetaka kusema asiandikiwe alama ya kuuliza ubaoni mbele ya jina lake.

Je, inafaa kuitumia kuajiri au kupanga vyeo?

Haifai kabisa. Soma tena sehemu ya ushahidi, kisha fikiria unamweleza mtu aliyekosa kazi kwamba alizaliwa tarehe 16 badala ya 15. Namna ya kugundua kwamba mchezo umevuka mpaka ni kusikiliza mpangilio wa sentensi. Mtu akisema "amechelewesha ripoti mara tatu," anaongea kuhusu kazi. Akisema "yule 3, usimpe ripoti," kabla mtu hajapewa hata moja, hapo namba imeshaanza kufanya maamuzi.

Mwenzetu amekataa, anasema ni ramli. Tumwambieje?

Msimwambie kitu. Wapo Waislamu na Wakristo wengi wanaoliona jambo hili kama kupiga ramli, na viongozi wengi wa dini zote mbili hulikataza. Kumhesabia kimya kimya na kumtania baadaye ni kumvunjia heshima. Ofisi yenye sharti la picha ya mchoro haihitaji namba ya mtu yeyote ili sharti lifanye kazi.

Kijana wetu kila akichelewa anasema "mimi ni 5, siwezi ratiba." Tufanyeje?

Mjibuni kwa maelezo ya wanajimu wenyewe. Kwao 5 hukimbia karatasi na mambo yanayojirudia, lakini hakuna anayesema kwamba 5 hajui saa. Mpima wa ofisi yetu alijaribu njia hiyo mara moja, asubuhi ya safari ya kwenda Ihumwa. Dereva akamwambia, "Kijana wangu, gari hili linaondoka saa moja kamili, nalo sijui lilizaliwa lini." Na saa moja kamili likaondoka. Mpima akalifuata kwa bodaboda, nauli yake mwenyewe.